Mistari Miwili Ikiachana: Je, Modeli Imekariri Kweli?

Anayejifunza kuifundisha kompyuta kutambua picha huonyeshwa mchoro uleule karibu kila kozi anayoingia. Una mistari miwili. Mmoja ni wa mafunzo, na unashuka vizuri kuelekea chini. Wa pili ni wa uhakiki, yaani picha ambazo modeli haikufundishwa nazo, na huo badala ya kushuka unapanda. Chini yake mwalimu ameandika kwamba hapa modeli imekariri, au kama wasemavyo vijana wa fani hii, imeovafiti. Mwanafunzi analishika somo hilo, na tangu siku hiyo kila akiona mistari miwili imeachana hana swali tena. Jibu analo.

Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Lakini mistari huweza kuachana hata pale ambapo modeli haijakariri chochote, na huweza kuachana huku modeli ikizidi kuwa nzuri. Makosa haya si ya kitoto. Mtu anaweza kupoteza wiki nzima akirekebisha kitu kisichoharibika. Njia nzuri ya kuyaona ni kufuata kazi moja tangu mwanzo, namba kwa namba.

Kwanza tuelewane ni nini kinachochorwa. Modeli ya kutambua magonjwa ya mimea haisemi tu "hili ni jani lenye batobato". Inagawa uhakika wake kwa majibu yote yaliyopo, kiasi kwamba ukijumlisha unapata 1. Kisha tunaangalia jibu sahihi lilipewa kiasi gani cha uhakika huo, tukiite p, na tunakokotoa hasara kwa fomula hii:

```
hasara = -ln(p)
```

Jibu sahihi likipewa uhakika wote, hasara ni sifuri. Likipewa nusu, hasara ni 0.69. Likipewa sehemu moja kwa mia, hasara inaruka hadi 4.6, na likipewa sehemu moja kwa elfu kumi inafika 9.2. Fomula hii haina huruma kwa anayekosea huku akijiamini. Kuna namba nyingine ya kuiweka kichwani: kama majibu ni matano na modeli haijui lolote, itayagawia yote sawa, 0.2 kila moja, na hasara yake itakuwa 1.61. Hiyo ndiyo hasara ya mjinga mnyofu, na itatusaidia baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, NaCRRI, walikusanya picha za majani ya muhogo ambazo nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani. Mwishoni mwa 2020 picha hizo ziliwekwa kwenye mashindano ya Kaggle, na hadi leo wanafunzi wengi huzitumia kujifunzia. Zenye majibu ni 21,397, zimegawanywa makundi matano yaliyopewa namba 0 hadi 4. Kundi 0 ni ugonjwa wa bakteria, picha 1,087. Kundi 1 ni michirizi ya kahawia, picha 2,189. Kundi 2 ni lile linaloandikwa CGM, picha 2,386. Kundi 3 ni batobato, nalo limezidi mengine yote kwa mbali, picha 13,158. Kundi 4 ni majani yenye afya, picha 2,577.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi, tumwite Neema. Huyu ni wa kubuni, na namba za mchoro wake nimezipanga mimi kufuatana na hesabu. Hata hivyo, kosa atakalofanya lipo na linawapata watu. Neema anapakua picha, anazipanga kwenye folda tano kulingana na ugonjwa, anazipunguza hadi pikseli 128 kwa 128 ili zienee kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha anazisoma folda moja baada ya nyingine na kuzirundika kwenye orodha moja. Mafunzo anayaanzisha kwa mstari mmoja wa Keras:

```python
model.fit(x, y, epochs=20, validation_split=0.2)
```

Yaani pitia data yote mizunguko 20, na asilimia 20 ya picha iwekwe kando kwa uhakiki. Anakwenda kunywa chai. Akirudi anakuta hasara ya mafunzo imeanza kwenye 0.8 na kushuka hadi 0.2, safi kabisa. Ya uhakiki imeanza kwenye 2.9, ikapanda, ikapanda, ikaishia 5.6. Ni mchoro uleule wa darasani, tena uliokolea. Neema anasema modeli imekariri, na sidhani kama yupo mwalimu wa kozi ya mwanzo angemnyima alama.

Anaanza matibabu yanayojulikana. Anaweka dropauti, ambayo huzima baadhi ya nyuzi za modeli kwa bahati nasibu wakati wa mafunzo. Anaweka adhabu kwa uzito mkubwa. Anazigeuzageuza picha, hii imepinduliwa, ile imekatwa pembeni. Anaendesha tena, na hapa ndipo mtego ulipo: mambo yanaonekana kuwa nafuu. Hasara ya uhakiki sasa inaishia 3.9 badala ya 5.6. Neema anaona yuko kwenye njia sahihi, na kwamba dawa inahitaji kuongezwa tu.

Mwenzake aliyemtangulia kazini anamuuliza swali moja.

"Dada, achana na hasara kidogo. Usahihi wa uhakiki ni asilimia ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Na kabla hujaweka hizo dropauti?"

"Thelathini na sita hiyohiyo, kaka. Ndiyo maana nasema inakariri."

Thelathini na sita ni namba ya ajabu kwa data hii. Zaidi ya picha sita kati ya kumi ni za batobato. Modeli pumbavu inayojibu "batobato" kwa kila jani, bila hata kulitazama, ingepata kama asilimia 61. Modeli iliyokariri haishuki chini ya hapo kwa urahisi, kwa sababu hata ikikariri, kwanza huwa imejifunza yale yaliyo wazi. Kuna kitu kinaizuia modeli hii isipande, na si kukariri.

Mwenzake anaandika mstari mmoja wa kuhesabu ni majibu gani yaliyomo kwenye ile sehemu ya mwisho ya orodha:

```python
print(np.unique(y[-4280:], return_counts=True))
```

Kinachotoka ni hiki:

```
(array([3, 4]), array([1703, 2577]))
```

Kwenye uhakiki wote kuna makundi mawili tu, batobato na majani yenye afya. Tena majani yenye afya yamo yote 2,577, hakuna hata moja lililobaki upande wa mafunzo. Maelezo ya Keras yanasema wazi kwamba `validation_split` huchukua picha za mwisho wa orodha, na huzichukua kabla orodha haijachanganywa. Uchanganyaji unaofanywa na `fit` huja baadaye, na unagusa sehemu ya mafunzo peke yake. Neema alisoma folda kwa mpangilio wa 0 hadi 4, kwa hiyo mwisho wa orodha yake ulikuwa folda ya 4 nzima pamoja na mkia wa folda ya 3. Ni kama mwalimu aliyefundisha mada nne kisha akatunga mtihani ambao zaidi ya nusu ya maswali yake yanatoka mada ya tano.

Sasa kila namba inajieleza. Kati ya picha 4,280 za uhakiki, zile ambazo modeli inaweza kupata kwa namna yoyote ni 1,703 za batobato, sawa na asilimia 39.8. Huo ndio ukomo, na 36 ya Neema iko chini yake kidogo. Upande wa hasara, modeli haikuwahi kuona jani lenye afya hata mara moja, kwa hiyo kila picha ya mafunzo iliyopita iliisukuma ipunguze uhakika wa kundi la 4. Baada ya mzunguko mmoja tuseme kundi hilo limebaki na sehemu moja kwa mia: hasara ya kila jani lenye afya ni 4.6, na kwa kuwa majani hayo ni asilimia 60 ya uhakiki, wastani unakuja karibu na 2.9. Kufikia mzunguko wa 20 limebaki na sehemu moja kwa elfu kumi, hasara ya kila moja ni 9.2, na wastani unafika karibu 5.6. Mstari ulipanda kwa sababu modeli ilikuwa ikijifunza vizuri kile ilichopewa, kwamba katika dunia hii majani yenye afya hayapo.

Na ile nafuu iliyoletwa na dropauti? Dropauti na adhabu ya uzito hupunguza kujiamini kwa modeli. Modeli ikipunguza kujiamini, jani lenye afya linabaki na sehemu moja kwa mia sita badala ya moja kwa elfu kumi, na hasara inashuka hadi 3.9. Hakuna jani hata moja la ziada lililotambuliwa. Dawa ya kukariri huweza kushusha hasara ya uhakiki kwa sababu zisizohusiana na kukariri, ndiyo maana "nimeweka dropauti, mstari umeshuka" si ushahidi kwamba utambuzi wa mwanzo ulikuwa sahihi.

Neema angeweza kushtuka mapema zaidi, kabla ya kuhesabu chochote, kama angetazama mstari ulianzia wapi. Ulianzia 2.9. Mjinga mnyofu tuliyemtaja, anayegawa uhakika sawasawa, anapata 1.61. Yaani baada ya kusoma mzunguko mzima, modeli hii ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya kufundishwa. Kukariri hakuanzi hivyo. Modeli hujifunza kwanza yale yanayofanana kwenye picha nyingi, kama rangi ya mabaka na namna jani linavyojikunja. Hayo yanasaidia hata kwenye picha mpya, kwa hiyo hasara ya uhakiki hushuka pamoja na ya mafunzo. Baadaye, yale ya jumla yakiisha, ndipo inapoanza kushika vijimambo vya picha mojamoja, na mstari wa uhakiki unageuka kupanda. Umbo lake ni bakuli, wala si mlima unaoanzia mlangoni. Mstari usioshuka hata kidogo unatuambia tukague data kwanza: mgawanyo, majibu, na namna picha zinavyoandaliwa pande zote mbili. Tahadhari moja tu. Ukichukua modeli kubwa iliyokwisha kufundishwa kwingine na kuimalizia kwa data kidogo, bakuli zima linaweza kuishia ndani ya mzunguko wa kwanza, usilione. Hapo pima uhakiki kabla ya mafunzo kuanza, na upime mara kadhaa ndani ya mzunguko huo.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Mgawanyo ufanywe wazi, kwa kuchanganya, na kila kundi ligawanywe kwa uwiano wake:

```python
from sklearn.model_selection import train_test_split
x_tr, x_va, y_tr, y_va = train_test_split(
    x, y, test_size=0.2, stratify=y, random_state=7)
```

Neema anaendesha upya. Safari hii mstari wa uhakiki unashuka hadi 0.54 kwenye mzunguko wa 5, halafu unageuka na kupanda taratibu hadi 0.87 kwenye mzunguko wa 20, huku wa mafunzo ukiendelea kushuka. Bakuli limepatikana. Je, sasa tunaweza kusema imekariri?

Hapa mambo yanakuwa matamu zaidi, maana usahihi wa uhakiki haukushuka. Kwenye mzunguko wa 5 ulikuwa asilimia 81, na kwenye mzunguko wa 20 ni 84. Hasara imeongezeka zaidi ya nusu, na modeli inapatia picha nyingi kuliko awali. Anayeanza huona hapa pana kosa kwenye msimbo. Hakuna kosa. Tuchukue picha mia moja za uhakiki tuhesabu kwa mkono.

Mzunguko wa 5: picha 81 zimepatiwa, na jibu sahihi kwa kila moja limepewa uhakika wa 0.8. Hasara ya kila moja ni 0.223, jumla 18. Picha 19 zimekosewa, na jibu sahihi limebaki na 0.15. Hasara ya kila moja ni 1.9, jumla 36. Ukijumlisha yote na kugawa kwa mia unapata 0.54.

Mzunguko wa 20: picha 84 zimepatiwa, tena kwa kujiamini zaidi, 0.98. Hasara ya kila moja ni 0.02, jumla haifiki hata 2. Zilizokosewa zimepungua hadi 16, lakini kujiamini kumeongezeka huko pia, na jibu sahihi limebaki na 0.005 tu. Hasara ya kila moja ni 5.3, jumla karibu 85. Wastani ni 0.87.

Karibu hasara yote inatoka kwenye picha 16. Usahihi unauliza tu kama jibu lililoongoza ni sahihi. Hasara inauliza pia ulijiamini kiasi gani, na unapokosea adhabu haina kikomo. Kwa hiyo makosa machache ya modeli inayojiamini kupita kiasi yanaweza kubeba mstari mzima juu, hata kama kwa upande wa majibu kazi inaendelea vizuri. Data ya Makerere inalikuza jambo hili, maana baadhi ya picha zake zina majibu ambayo hata wataalamu wanaweza kubishana juu yake. Washindi wa mashindano yale walifika usahihi wa kama asilimia 91 na wakagota hapo. Jani ambalo limeandikiwa ugonjwa usio wake litaiadhibu modeli zaidi kadiri modeli inavyokuwa na hakika na jibu lililo kweli.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2017 Chuan Guo, Geoff Pleiss, Yu Sun na Kilian Weinberger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba modeli za kisasa hujiamini kupita usahihi wao, na kwamba mtandao unaweza kukariri kwa upande wa hasara bila kukariri kwa upande wa majibu. Dawa waliyoipendekeza ni nyepesi hadi inashangaza. Baada ya mafunzo kuisha, alama ghafi za modeli, z, zinagawanywa kwa namba moja T kabla ya kugeuzwa kuwa uhakika:

```
softmax(z / T)
```

T inachaguliwa kwa kutumia picha za uhakiki, ile inayofanya hasara iwe ndogo kabisa. T ikizidi 1, uhakika unapoa, 0.98 inarudi kwenye kitu cha kuaminika zaidi. Mpangilio wa majibu haubadiliki, aliyeongoza anaendelea kuongoza, kwa hiyo usahihi unabaki palepale. Hii ni njia nzuri ya kupima utambuzi wa Neema: kama T moja inatosha kuirudisha hasara ya mzunguko wa 20 karibu na ile ya mzunguko wa 5 au chini yake, basi kilichoharibika kilikuwa kiasi cha kujiamini, na majani yenyewe modeli inayajua.

Kwa hiyo kwenye mchoro huu wa pili Neema yuko sahihi kwa nusu, na nusu ipi inategemea modeli inakwenda kufanya kazi gani. Kama programu ya simu itamtajia mkulima jina la ugonjwa na basi, mzunguko wa 20 ni bora, na kusimamisha mafunzo kwenye mzunguko wa 5 kwa kuogopa mstari ni kutupa asilimia 3 za usahihi. Kama programu itatumia uhakika kuamua, kwa mfano chini ya 0.7 picha ipelekwe kwa afisa ugani, basi modeli ya mzunguko wa 20 ni hatari. Inakosea ikiwa na 0.98, na picha zilizohitaji jicho la mtu hazitamfikia mtu. Mimi ningechukua ya mzunguko wa 20 na kuipoza kwa T, lakini nisingethubutu kuitumia bila kuipoza.

Kukariri kwenyewe kukoje, basi? Mfano ulio wazi kuliko yote ni jaribio la Chiyuan Zhang na wenzake, nalo la 2017. Walichukua mkusanyiko wa picha za mafunzo 50,000 uitwao CIFAR-10, wakafuta majibu ya kweli na kuweka ya bahati nasibu, paka akaandikwa meli na meli ikaandikwa chura. Mtandao ulijifunza kujibu picha zote za mafunzo bila kosa. Hapakuwa na kitu cha kueleweka pale, kila picha ilibidi ishikwe peke yake, na kwenye picha mpya modeli ilikuwa sawa na mtu anayebahatisha. Mstari wa mafunzo wa jaribio lile ulishuka hadi chini kabisa. Ndiyo maana mstari wa mafunzo peke yake hausemi lolote, na ndiyo maana kukariri ni jambo la kupimwa kwenye majibu ya picha mpya: usahihi umesimama au umeanza kushuka, huku wa mafunzo ukikaribia mia.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko kutazama umbo la mistari. Fundisha modeli kwa nusu ya picha za mafunzo, kisha kwa picha zote, ukiacha uhakiki uleule. Modeli inayokariri husaidika na picha zaidi, kwa sababu ni vigumu kushika vijimambo vya picha elfu kumi na saba kuliko vya elfu nane, na pengo kati ya mistari hupungua. Kwenye ule mchoro wa kwanza wa Neema, kuongeza picha za makundi manne ya mwanzo kusingepunguza chochote. Pengo ni la kundi ambalo halikufundishwa.

Pengo lenyewe bila mgeuko lisimtishe mtu. Hasara ya mafunzo ambayo Keras inaonyesha ni wastani wa mzunguko mzima, uliopimwa modeli ikiwa bado inabadilika na dropauti ikiwa imewashwa. Ya uhakiki hupimwa mwishoni, dropauti ikiwa imezimwa. Mistari hiyo haipimwi katika hali moja, na wakati mwingine wa uhakiki hukaa chini ya wa mafunzo kwa sababu hiyo tu. Anayetaka kulinganisha kwa haki apitishe picha za mafunzo kwenye `model.evaluate` baada ya mzunguko kuisha.

Ugumu unaobaki ni wa upande wa pili, modeli inayokariri huku mistari ikienda sambamba bila kuachana. Mkulima mmoja anaweza kupiga picha kadhaa kwenye shamba moja, asubuhi moja, kwa simu moja. Ukizichanganya picha zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, kama tulivyofanya kwenye marekebisho, baadhi ya picha za shamba hilo zitaangukia mafunzo na nyingine uhakiki. Modeli inaweza kushika udongo mwekundu wa shamba lile, au mwanga wa saa ile, na ikapatia kwenye uhakiki pia, kwa kuwa udongo ni uleule. Jedwali la majibu la mashindano ya Kaggle lina safu mbili tu, jina la picha na namba ya ugonjwa. Halisemi picha ilitoka shamba gani, kwa hiyo anayetumia data hiyo hawezi kugawa kwa mashamba hata akitaka.

Anayekusanya picha zake mwenyewe anaweza. Aandike shamba, tarehe na simu kwa kila picha tangu siku ya kwanza, kisha atenge mashamba mazima ambayo hayagusi mafunzo hata kidogo, na awe na uhakiki wa aina mbili: picha mpya kutoka mashamba yaleyale, na picha kutoka mashamba mageni. Tuseme ya kwanza inatoa 84 na ya pili 70. Hizo alama 14 zilizopotea hazionekani popote kwenye mchoro wa mistari miwili, kwa sababu mistari yote miwili imechorwa kutoka mashamba yaleyale.